Kabla hujamtumia mteja meseji iliyotafsiriwa na mashine, pitia haya kwanza

Hii ni kwa nyie ambao bosi anaandika kwa Kiingereza, unaipitisha kwenye apu ya kutafsiri, unakopi unapesti kwa mteja wasap basi kazi imeisha. Mimi nimeifanya hiyo kazi miaka mitatu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar, na nimeona watu wazima wakiumia kwa maneno ambayo bosi wala hakuwa na nia nayo. Naongelea meseji moja tu, ile ya kukumbushia deni, maana hapo ndo mashine inaharibu kuliko sehemu nyingine zote.

Anza na juu. "Mpendwa mteja" toa. Mpendwa ni wa kanisani au ni wa moyoni, mtu unayemdai hela hawezi kuwa mpendwa. Jina unalo, litumie, na kama hulijui basi "Ndugu mteja" inatosha.

Halafu tafuta kama kuna "wewe" imesimama peke yake. Kwenye Kiingereza huwezi kusema mtu anadaiwa bila kuweka neno la kumtaja, sisi huku ile "u" ya "unadaiwa" imeshamaliza kila kitu. Ukiacha "wewe unadaiwa" umemnyooshea kidole. Futa.

Na usijidanganye na "tafadhali". Mashine inapenda kuandika "Tafadhali lipa salio lako" na watu wanaona ikishakaa tafadhali adabu ipo. Haipo, lipa ni lipa. Kwanza kwetu mtu akikasirika ndo anakwambia tafadhali sana usinizoee. Adabu yetu inakaa kwenye "tunaomba" na kwenye ile "e" ya mwisho, tunaomba utulipe, tunaomba utusaidie. Pia "Je, unaweza kulipa leo?" iogope sana, kwa Kiingereza ni ombi la upole kabisa ila kwa mtu mwenye deni inasomeka kama unamuuliza hela anayo au hana.

Sasa neno lililoniunguza mimi ni "kushindwa".

Tulikuwa na mteja mmoja, mzee, ana duka lake la vifaa Morogoro, alikuwa anachukua saruji na nondo kwetu tangu mimi sijaajiriwa. Akachelewa kulipa. Bosi akaandika, nikatafsiri, ikatoka hivi, mpaka leo naikumbuka: "Mpendwa mteja, hii ni kukukumbusha kwamba malipo yako yamechelewa. Lazima ulipe shilingi 1,840,000 kabla ya Ijumaa. Kushindwa kufanya hivyo kutasababisha kusitishwa kwa huduma. Asante kwa ushirikiano wako."

Nikaisoma, hakuna neno lililokosewa. Na nilikuwa makini, nikachukua hicho Kiswahili nikakirudisha Kiingereza kwenye apu hiyohiyo, kikarudi vilevile kama bosi alivyoandika. Nikasema safi, nikatuma.

Hazikupita dakika ishirini akapiga. Hakufoka. Akaniuliza, "Mwanangu, nani kakwambia nimeshindwa?" Sikumwelewa. Akanisomea ule mstari taratibu, akasema, "Mimi duka ninalo na watoto nasomesha, sijashindwa. Nilikuwa msibani Kilosa wiki nzima, ungenipigia simu tu." Nikaomba radhi pale mpaka nikaishiwa maneno. Jioni akatuma hela yote kwa mkupuo mmoja, na hakuagiza tena. Mwenzetu wa mauzo alimfuata mpaka dukani, akapokewa vizuri, akapewa maji ya kunywa, ila mzigo ulikuwa tayari unatoka kwingine.

Bosi aliandika "failure to do so", na kwenye barua za Kiingereza hiyo "failure" inamaanisha "usipofanya", hamna kingine. Mashine inaichukua inaiweka "kushindwa" na kwetu kushindwa ni kuelemewa, ni umepambana ukaanguka, ni huna uwezo. Mfanyabiashara ukimwandikia hivyo umemwambia amefilisika. Na kule kuirudisha Kiingereza hakukunisaidia kitu kwa sababu mashine inayalinganisha hayo maneno mawili kwenda na kurudi, kwa hiyo mara nyingi inatoka kama ilivyoingia. Kipimo hicho kinakuonyesha kama kiasi au tarehe imepotea, ukali hakikuonyeshi. Ukali unaupima kwa kuisoma kwa sauti kama vile unamrekodia voisi huyo mzee mwenyewe. Mahali mdomo unaposita ndo pa kurekebisha.

Na ukirekebisha usibadilishe neno mojamoja, utabaki na sentensi ya Kizungu iliyovaa kanga. Andika pembeni vitu vitatu ambavyo bosi anavitaka, yaani kiasi, tarehe na kitakachotokea, halafu funga tafsiri uandike upya kwa kichwa chako. Yule mzee nilitakiwa nimwandikie hivi:

"Shikamoo mzee, habari za Morogoro? Tunakumbushia ile hesabu ya mzigo wa mwezi uliopita, imebaki 1,840,000. Tunaomba utusaidie kuimalizia kabla ya Ijumaa ili mzigo wako unaofuata usikwame. Kama umeshatuma tusamehe kwa usumbufu, tutumie tu ile meseji ya muamala. Na kama kuna jambo limetokea tujulishe tupange. Asante sana mzee."

Ona, kiasi kipo, Ijumaa ipo, na onyo lipo palepale, mzigo utakwama. Ila sasa hesabu ndo imebaki, sio yeye amechelewa. Na ule mstari wa kama kuna jambo limetokea ndo ungemfanya aseme ya msiba kabla hajakasirika. Bosi atakwambia ni ndefu, wangu aliniambia. Mwambie ukimdai mtu kwa Kiswahili bila kumsalimia unaonekana umekuja kugombana.

Shikamoo weka kwa yule ambaye hata mkikutana ungempa, kwa wa rika lako andika habari za kazi kaka au dada. Kama unaandikia kampuni, badilisha iwe "hesabu yenu" na "mtusaidie", mashine mara nyingi inachukua mtu mmoja, na yule dada wa uhasibu anayepokea meseji anaona deni la kampuni nzima kabebeshwa yeye.

Usizidishe pia. Ukiweka tunaomba kila mstari, tarehe inazama na mtu anaisoma kama salamu tu za wiki. Na ikiwa ni mara ya tatu mnamkumbusha na sasa inaenda barua rasmi ya madai, hiyo iwe kali, ila iandikwe na mwanasheria, isipite kwenye apu kabisa.

Kama bosi anasikiliza, mwombe aandike kwa sentensi fupi, kwamba usipolipa kufikia Ijumaa tutasubirisha oda yako. Salamu bado utaongeza mwenyewe ila kushindwa haitaingia.

Mengine ni ya kawaida. Hakikisha namba ni ya mteja mwenyewe na sio grupu la wateja, usitume deni usiku, uliza kwa watu wa mauzo kama mtu ana mgonjwa au msiba, na angalia jina, maana apu inaweza kumchukua Grace ikamwita Neema, na Neema naye mnaye kwenye orodha ya wateja na hadaiwi hata senti.