Kabla hujatia sahihi chumba cha Uingereza, anza na kifungu cha kutokea

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa dakani kwa dada yangu, Mkomani, mpwa wangu akaja akaniwekea simu mkononi. Amepata nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza, masomo yanaanza Septemba. "Mjomba, nimepata chumba. Wanataka nitie sahihi leo, kabla hakijachukuliwa." Mkataba una kurasa 19. Alikuwa amesoma ule wa kodi tu, na kutazama picha za chumba.

Simlaumu. Hapa Lamu mtu hupanga nyumba kwa maneno. Unamjua mwenyewe, au unamjua anayemjua, na mkikosana wazee watawaketisha. Kule ni karatasi peke yake itakayosema, na mwenye kuidai atakuwa mtu wa ofisini ambaye hajawahi kukuona. Kwa hiyo tulisoma wote wawili mpaka adhana ya magharibi, na tulianza nyuma. Mimi huanza na kifungu cha kujitoa, kisha mdhamini, mwisho depoziti. Kifungu cha kujitoa ndicho kinachoamua deni litakuwa kubwa kiasi gani, mdhamini ndiye atakayelilipa, na depoziti ni sehemu ndogo tu ya hilo deni, ingawa ndiyo inayowashughulisha watu wengi zaidi.

Kwanza jua umeshika mkataba wa aina gani. Nayasema haya kwa England tu, maana Scotland na Wales zina sheria zao. Sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 ilipoanza kazi kwenye nyumba za watu binafsi tarehe 1 Mei 2026, iliondoa mikataba ya muda maalumu katika nyumba hizo. Mpangaji wa nyumba ya kawaida anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi miwili, kwa maandishi, ikiisha pamoja na kipindi cha kodi. Mkataba ukiandika kwamba umefungwa miezi 12, maneno hayo hayakufungi. Lakini hosteli za vyuo, na hosteli kubwa za makampuni zilizojiunga na kanuni za uendeshaji zinazotambuliwa na serikali, ziko nje ya kanuni hiyo. Huko muda maalumu bado ni muda maalumu, na mlango wa kutokea ni ule tu ulioandikwa katika mkataba.

Mpwa wangu alikuwa ameshika mkataba wa hosteli ya kampuni: wiki 44, pauni 165 kwa wiki, jumla pauni 7,260. Kifungu cha kujitoa kilikuwa ukurasa wa 14, na kilisema mambo mawili. La kwanza, viza ikikataliwa hatadaiwa kodi, mradi awasilishe barua ya kukataliwa ndani ya siku 7 tangu tarehe yake, na kabla ya siku mkataba unapoanza. La pili, akitaka kuondoka kwa sababu nyingine yoyote ataendelea kulipa mpaka apatikane mwanafunzi mwingine wa kuchukua chumba, ambaye uongozi utamkubali na ambaye hakai tayari katika hosteli hiyo.

Akasema, "Basi viza ikikataliwa niko salama." Nikamwambia asome tena neno "kukataliwa". Viza iliyochelewa haijakataliwa. Mkataba ulianza tarehe 5 Septemba. Viza ikitoka tarehe 3 Oktoba, wiki nne zimeshapita na anadaiwa pauni 660 za chumba ambacho hajalalia kitanda chake. Na akikata tamaa akaliondoa ombi la viza mwenyewe, hilo nalo si kukataliwa, kwa kuwa hakuna barua ya kukataliwa itakayotoka. Hali kadhalika chuo kikimfutia nafasi: kifungu hakikutaja chuo kabisa. Hapo ndipo wengi wetu hunasa, maana kwa Kiswahili cha nyumbani "sikupata viza" ni jambo moja, kumbe kwa mwanasheria ni mambo matatu.

Zile siku 7 nazo zina hesabu yake kwa mtu wa Lamu. Barua ikija kwa barua pepe, siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake, si siku uliyoifungua. Kama uko baharini au mtandao umekatika, siku zinakwenda tu.

Tukaandika barua pepe fupi kuomba maneno yaongezwe: mkataba uvunjike bila deni viza ikikataliwa, au ikiwa haijatoka kufikia siku ya mwisho ambayo chuo kinapokea wanafunzi, au chuo chenyewe kikifuta nafasi. Tukaomba pia siku 14 badala ya 7. Nilimsisitizia kwamba jibu la simu halina kazi. Ajenti anaweza kukuambia "usijali, huwa tunaelewa", na pengine anasema kweli, lakini yeye mwakani hatakuwapo pale. Jibu liwe la maandishi, na liseme kwamba ni sehemu ya mkataba.

Sasa mdhamini. Sote tunaijua dhamana ya mkopo wa sacco: mwenzako asipolipa, akiba yako inakatwa. Hii ya nyumba ni ndugu yake, ila ina upana ambao ya sacco haina. Pale sacco unajua umedhamini shilingi ngapi. Karatasi ya mdhamini wa nyumba mara nyingi haina kiasi. Inasema tu kwamba mdhamini atalipa kila kitakachodaiwa chini ya mkataba. Ndiyo maana nilitangulia kwenye kifungu cha kujitoa. Chukua mfano huu: kijana anakaa wiki 15, mambo yanaharibika, anarudi nyumbani kabla ya Januari. Zimebaki wiki 29. Mara 165 ni pauni 4,785. Katikati ya mwaka wanafunzi wengi wameshapata makazi, kwa hiyo usitegemee chumba kuchukuliwa upesi. Barua ya hizo pauni 4,785 haiji Lamu. Inakwenda kwa binamu atakayekuwa ametia sahihi ya udhamini kule Leicester.

Nyumba ya kushirikiana ina hatari ya namna nyingine, na hii imenipata mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilimdhamini kijana wa Malindi aliyepanga na wenzake watatu. Tuseme kodi ya nyumba nzima ni pauni 2,080 kwa mwezi, kila mmoja 520. Mimi nilidhani nimedhamini zile 520. Mmoja wa wale wenzake alitoweka, na ajenti akaniandikia mimi kudai pengo lake, kijana ambaye sijapata kumwona. Niliposoma karatasi yangu nikaona ilisema kila mpangaji anawajibika kwa kodi yote, peke yake na pamoja na wenziwe, nami nimemdhamini mmoja wao kwa wajibu wake wote. Nililipa miezi miwili. Mwenye nyumba hakufanya kosa la kisheria. Mimi ndiye niliyetia sahihi nisichokisoma, na jambo hilo liliniuma kuliko pesa.

Kwa hiyo anayeombwa kudhamini aombe vitu viwili viandikwe. Kwanza, mpaka: "sehemu ya kodi ya mpangaji huyu tu", na kiasi kwa tarakimu. Pili, mwisho: dhamana iishe na mkataba huu, isiendelee ukiongezwa au kodi ikipandishwa. Ajenti wengi hukubali hilo la kwanza ukiomba kabla ya sahihi. Baada ya sahihi hakuna atakayekusikiliza. Na mdhamini apewe mkataba wenyewe ausome, si karatasi yake peke yake, maana karatasi yake inarejea vifungu ambavyo haijavinakili.

Asiye na mdhamini Uingereza huambiwa achague: alipe mwaka mzima mapema, au atumie kampuni ya udhamini kwa ada. Katika nyumba za kawaida sheria mpya imekataza kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mapema. Katika hosteli zilizo nje ya kanuni hiyo bado wanaweza kudai. Ukilipa zile pauni 7,260 zote, jua kwamba umegeuza upande wa kudai: ukiondoka, wewe ndiye utakayeziomba zirudi. Kampuni ya udhamini nayo haikulipii kwa hisani. Inamlipa mwenye nyumba, kisha inakugeukia wewe uilipe, na baadhi huomba jina la mtu wa pili nyumbani wa kudaiwa. Jina hilo kwa kawaida ni la mama.

Depoziti haihitaji maneno mengi. Kwa nyumba ya kawaida sheria ya mwaka 2019 imeweka kikomo cha kodi ya wiki tano, kodi ya mwaka ikiwa chini ya pauni 50,000. Hesabu yake si kuugawa mwezi kwa nne: zidisha kodi ya mwezi kwa 12, gawanya kwa 52. Ile nyumba ya pauni 2,080 inatoa 480 kwa wiki, wiki tano ni 2,400, kila mmoja 600. Ndani ya siku 30 tangu kuipokea, mwenye nyumba lazima aisajili katika mojawapo ya mifuko mitatu, Deposit Protection Service, MyDeposits au Tenancy Deposit Scheme, na akupe maelezo yake kwa maandishi. Yote mitatu ina tovuti ambako unaweza kuitafuta depoziti yako. Asipoisajili, mahakama inaweza kumwamuru akulipe kati ya mara moja na mara tatu ya depoziti hiyo. Katika hosteli iliyo nje ya kanuni usidhani ulinzi huo upo. Tafuta katika mkataba pesa zinakaa wapi, zinarudi baada ya siku ngapi, na nani anaamua mkibishana.

Kuna jambo moja zaidi la depoziti ambalo halimo kabisa ndani ya mkataba, na lilikaribia kumponza mpwa wangu. Kwa viza ya mwanafunzi, pesa za matumizi lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Alikuwa siku ya 17. Angetoa depoziti kutoka akaunti ile ile, salio lingeshuka na hesabu ingeanza upya. Pesa ulizolipa hosteli ya kampuni uliyoitafuta mwenyewe hazihesabiwi kama sehemu ya matumizi hayo. Zinazoweza kuhesabiwa ni za makazi ambayo chuo chenyewe kimekupangia. Kwa hiyo depoziti akalipa baba yake, kutoka akaunti yake, tukaweka risiti.

Jibu la hosteli lilikuja siku ya tatu. Wamekubali viza iliyochelewa na chuo kufuta nafasi, wamekataa siku 14 na kutoa 10. Kuhusu mdhamini, huyo binamu wa Leicester ameandika kwa kalamu kiasi anachokidhamini na kuirudisha karatasi kwao. Bado hajatia sahihi, anasubiri wao waitie kwanza.