Somo: Kuigeuza picha ya Kondele baada ya mvua iwe na hali ya taa za neoni

Wengi wameniomba nieleze ile picha ya kibanda cha chipsi. Niliipiga kwa simu pale Kondele, Kisumu, karibu saa moja na dakika tano jioni, mvua ikiwa imekatika tu. Huku kwetu giza huingia haraka. Jua likishazama unabaki na kama dakika ishirini za mwanga wa buluu angani, kisha basi. Ukipiga ndani ya hizo dakika, kazi ya kompyuta inapungua nusu, kwa sababu anga bado ina rangi na taa zimeshawaka.

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kibao cha kibanda kilizungushiwa mkanda wa vitaa vya pinki, ng'ambo kuna kinyozi mwenye taa ya buluu, boda boda imeegeshwa katikati na taa yake ya nyuma inawaka. Barabara imelowa na kuna dimbwi karibu na miguu yangu. Nimetumia programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP kwa sababu ni ya bure. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Hatua ya 1: Tayarisha picha

Fungua picha, nenda `Image > Precision` uchague `16 bit integer`. Usiruke hapa, sababu utaiona kwenye maswali. Kisha `Colors > Curves`, vuta katikati ya mstari chini kidogo hadi picha ionekane ya usiku, lakini ukiangalia koti jeusi la mtu bado uone mikunjo yake. Kivuli kilichokufa kabisa hakipokei rangi, kinabaki shimo tu.

Hatua ya 2: Gawanya rangi, giza upande wake na mwanga upande wake

Nakili leya kwa `Layer > Duplicate Layer`, kisha kwenye hiyo nakala fungua `Colors > Color Balance`. Kidirisha hiki kina sehemu tatu: `Shadows`, `Midtones` na `Highlights`. Acha alama ya `Preserve luminosity` iwepo ili rangi ibadilike bila picha kung'aa au kufifia ovyo.

Kwenye `Shadows` niliweka `Cyan-Red` kwa -25 na `Yellow-Blue` kwa 20, giza likaelekea buluu yenye ukijani kidogo, kama maji ya ziwa jioni. Kwenye `Highlights` niliweka `Cyan-Red` kwa 18 na `Magenta-Green` kwa -12, mwanga ukaelekea pinki. `Midtones` sikuigusa. Sehemu ya kati ndiyo inayobeba matope, ukuta wa mabati na nyuso za watu. Ukiipaka nayo, rangi mbili hazipingani tena, unabaki na picha moja iliyovaa miwani ya rangi.

Macho huzoea haraka, kwa hiyo ukimaliza ondoka, kanywe chai, rudi baada ya dakika tano. Mimi nikirudi hukuta nimezidisha kila mara. Hapa nilishusha `Opacity` ya leya hiyo hadi 65.

Hatua ya 3: Mng'ao wa taa

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu anachukua brashi pinki, anapaka juu ya kibao chote, anashangaa mbona kinaonekana kama kimepakwa rangi ya kucha. Angalia taa halisi usiku kupitia kamera: katikati yake ni karibu nyeupe kabisa, kwa sababu mwanga umeizidi kamera. Rangi imekaa pembeni, kwenye ukingo, halafu inasambaa hewani ikififia polepole. Kwa hiyo taa yenyewe usiipake. Paka kilicho karibu nayo.

Tengeneza leya mpya, ijaze rangi nyeusi, kisha weka `Mode` yake iwe `Screen`. Nyeusi itatoweka papo hapo, ubaki kuona picha yako. Hesabu ya `Screen` ni hii, thamani zikiwa kati ya 0 na 1:

```
tokeo = 1 - (1 - a) * (1 - b)
```

Ukuta wa giza wenye 0.2 ukipata mng'ao wa 0.5 unafika 0.6, yaani unabadilika sana. Taa yenye 0.95 ikipata mng'ao uleule inafika 0.975, hata hutaona tofauti. Ndiyo maana njia hii inaangaza giza bila kuunguza taa.

Sasa chukua rangi ya pinki kutoka ukingo wa taa yenyewe kwa `Color Picker`, si kutoka katikati, maana huko utapata nyeupe. Fuata mkanda wa taa kwa brashi iliyo pana kidogo kuuliko. Nakili leya hiyo mara mbili ili uwe nazo tatu, kisha zipitishe moja moja kwenye `Filters > Blur > Gaussian Blur`. Picha yangu ina upana wa pikseli 4000, kwa hiyo nilitumia 8 kwa ya kwanza, 40 kwa ya pili na 150 kwa ya tatu, na `Opacity` 80, 50 na 35. Ya kwanza ni ukingo unaouma, ya pili ni mng'ao unaogusa ukuta, ya tatu ni ule unyevu wa hewani. Ukitumia moja tu kubwa unapata ukungu. Ukitumia moja ndogo tu unapata mstari wa kalamu. Picha yako ikiwa na upana wa 2000, gawa namba zote za `Gaussian Blur` kwa mbili.

Rudia kwa taa ya kinyozi kwa buluu, na kwa taa ya boda kwa nyekundu. Usizue taa ambayo haipo kwenye picha. Mwanga usio na chanzo, mtazamaji huutambua hata kama hawezi kueleza.

Hatua ya 4: Ishushe barabarani

Bila hatua hii mvua haipo. Nakili leya ya mng'ao wa 40, nenda `Layer > Transform > Flip Vertically`, kisha isogeze chini. Lakini isogeze hadi wapi? Tafuta sehemu ya ardhi iliyo wima chini ya taa. Kibao changu kilikuwa pikseli 520 juu ya mguu wa ukuta, kwa hiyo kivuli chake cha maji nimekiweka pikseli 520 chini ya mguu huo. Kama kibao kimechomoza mbele ya ukuta, usipime kutoka ukutani. Pima kutoka mahali ambapo jiwe lingeangukia likidondoka kutoka kwenye kibao.

Kisha ukungu tena, safari hii wa upande mmoja. Kwenye `Gaussian Blur` fungua mnyororo unaounganisha `Size X` na `Size Y`, weka X 12 na Y 180. Lami iliyolowa si kioo. Ina vijiwe na viwimbi vilivyoinama kila upande, na kila kimoja kinarusha mwanga kidogo kukuelekea, ndiyo maana taa hurefuka kuja kwako badala ya kutanuka pembeni. Penye dimbwi lililotulia, punguza Y hadi 30 hivi, maana hapo ni kioo kweli. Mimi nilifanya leya mbili, moja ya lami na moja ya dimbwi.

Mwisho, `Layer > Mask > Add Layer Mask`, chagua nyeupe, ufute kwa brashi nyeusi laini kila mahali pakavu: chini ya paa la kibanda, juu ya tairi na mwili wa boda. Boda iko mbele, lazima izuie. Kusahau tairi ni kosa dogo lakini ndilo linalofichua kazi yote.

Matone ya mvua yenyewe sikuongeza. Mvua ilikuwa imekatika, na hata ikinyesha huonekana tu mbele ya taa, si kwenye picha nzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Kakamega: Mwalimu, asante. Nina picha ya barabara yenye zile taa za zamani za rangi ya chungwa. Nimevuta buluu mpaka mwisho, zimegoma kabisa.

*Jibu:* Zitagoma tu, ndugu. Taa za sodiamu hutoa karibu njano peke yake, kwa hiyo kwenye picha hakuna buluu ya kuvuta. Fungua `Colors > Hue-Saturation`, chagua njano kisha nyekundu, ushushe `Saturation` kama 50, halafu upake rangi unayotaka kwa leya ya `Screen`. Ila ningekuwa wewe ningeacha moja ibaki chungwa. Inapendeza mbele ya giza la buluu.

Mama Kamera: Watu wangu wamekuwa kijani kama wana malaria. Nimefuata namba zako zilezile!

*Jibu:* Pole dada, hilo ni kosa langu kutolisema. Kwenye picha ya usiku ngozi zetu nyeusi zinaangukia upande wa `Shadows`, kwa hiyo zinapakwa pamoja na ukuta. Weka maski kwenye leya ya hatua ya 2, upake usoni kwa kijivu cha kati, si nyeusi kabisa, la sivyo uso utaonekana umebandikwa. Kisha kwenye leya ya mng'ao pitisha pinki nyembamba kwenye shavu linalotazama kibao. Shavu la upande wa pili liache kwenye giza.

Mwanafunzi Maseno: Mng'ao wangu mkubwa una miduara miduara angani, kama jiwe limetupwa majini.

*Jibu:* Uliruka hatua ya 1, sivyo? Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na mng'ao unaofifia taratibu gizani unatumia chache sana kati ya hizo, ndiyo unaziona moja moja. Rudia kwa biti 16, kisha kabla ya kuhifadhi JPEG weka chengachenga kidogo: `Filters > Noise > RGB Noise`, ondoa alama ya `Independent RGB`, weka kama 0.02. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili. Ikitumwa kama picha inabanwa na miduara inarudi.

Mchoraji Milimani: Inaweza kuchapishwa kwenye bango?

*Jibu:* Inaweza, lakini hiyo pinki haitafika. Nilimtengenezea mteja bango la onyesho la muziki, kwenye skrini linawaka, likatoka kiwandani pinki imekuwa kama fanta iliyomwagika juu ya mchanga. Nikagombana na mchapishaji bure. Skrini hutoa mwanga, wino huurudisha tu, na wino nne za kawaida haziwezi kufikia pinki na buluu kali za aina hiyo. Sasa huwa naomba kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja, na nyuma ya mng'ao naongeza giza ili rangi ionekane kali kwa kulinganishwa. Kibao cha chipsi nilikichapisha hivyo mara tatu kabla sijakubali.