Kutoa posti kali kwenye voisi noti ndefu bila kupoteza sauti ya mwenyewe

Mimi huandikia wafanyabiashara wa Nairobi posti, na wengi hunitumia voisi noti wakiwa kazini, wanaongea huku wanahudumia wateja. Nitatumia ya mama mmoja wa mitumba Gikomba, amekubali.

Hatua ya kwanza, sikiliza sauti huku ukifuata maandishi. Simu ikiandika yenyewe hukosea maneno ya soko na bei, kwa hivyo rekebisha hayo kwanza. Yake ikabaki hivi, na kwa lugha ya soko belo ni furushi la mitumba, kamera ni nguo za daraja la kwanza, fagia ni zile za chini kabisa:

"Sasa yaani watu wanaona nimefungua belo wanasema huyu amepata, lakini, we ngoja nakuja, eeh nilikuwa nasema nini, belo ni bahati, unaeza toa kamera kidogo tu na zingine zote ni fagia, na hizo kamera ndio zinakulipia belo, na mtu anakuja anataka kamera kwa bei ya fagia, sasa hapo mimi nakula nini? Si ati nina roho mbaya, belo ni bahati."

Hatua ya pili, tafuta alichorudia. Mtu akiongea bila kupanga hurudia kile kinachomuuma, hapa ni "belo ni bahati", na hiyo ndiyo posti yenyewe. Halafu tafuta sentensi iliyompandisha sauti, mara nyingi iko karibu na mwisho, kwake ni lile swali. Hiyo ipeleke juu.

Hatua ya tatu ndio kazi kubwa: kata na uhamishe tu, usiandike upya.

"Mtu anakuja anataka kamera kwa bei ya fagia, sasa hapo mimi nakula nini? Watu wanaona nimefungua belo wanasema huyu amepata. Belo ni bahati. Unaeza toa kamera kidogo tu na zingine zote ni fagia, na hizo kamera ndio zinakulipia belo. Si ati nina roho mbaya."

Hakuna neno langu hapo hata moja. Ningeweka "nguo za daraja la kwanza" badala ya kamera, wateja wake wangejua mara moja si yeye anaongea, na "si ati" ukiifanya "sio kwamba" umeshamvalisha suti. Nukta nimeziweka pale alipovuta pumzi. Chunga sana maneno kama "hizo" na "hapo" ukihamisha sentensi, maana kitu yanachokitaja kinaweza kubaki nyuma na msomaji akapotea, ndio maana "hizo kamera" sikuitenganisha na sentensi iliyoitangulia.

Kama hakuna sentensi ya kufungulia, usitunge. Mpigie umuulize swali moja tu, mfano "mteja gani anakukasirisha?", na urekodi jibu.

Mwisho mrudishie aisome kwa sauti. Akikwama mahali, au ulimi wake ukisema neno lingine tofauti na lililoandikwa, weka hilo lake.