Kabla ya kushindanisha matangazo mawili, panga idadi ya watu na siku

Siku ya tatu ya jaribio, tangazo B limeliacha A mbali na mkono unakuwasha kulizima A. Ndiyo maana hesabu hufanywa kabla kampeni haijawashwa, wakati bado hakuna matokeo ya kukushawishi.

Anza na kiwango unachokijua. Tuseme kati ya watu 100 wanaobofya tangazo la sasa, 2 hununua. Kisha jiulize ni ongezeko gani dogo kabisa litakalokufanya ubadilishe tangazo. Hapa wengi hutaja wanachotamani badala ya kinacholipa. Tuchukue kwamba kutoka asilimia 2 hadi 2.5 kunatosha. Kanuni ya haraka ya kupata idadi ya wabofyaji kwa kila tangazo ni hii:

```
n = 16 × p × (1 − p) ÷ d²
```

Hapo p ni wastani wa viwango viwili, yaani 0.0225, na d ni tofauti yao, 0.005. Jibu ni kama 14,000 kwa kila tangazo, au 28,000 kwa yote mawili. Ile 16 inakupa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kama ipo, na asilimia 5 tu wa kuona tofauti isiyokuwapo. Ukitaka kugundua ongezeko la nusu ya hilo, hadi asilimia 2.25, utahitaji karibu 53,000 kwa kila tangazo.

Sasa zigeuze ziwe siku. Bajeti ikileta mibofyo 1,600 kwa siku, zinatosha siku 18. Panga 21, ili ziwe wiki kamili, maana anayenunua Jumatatu si lazima afanane na wa Jumamosi. Ikileta 300 tu, jaribio litapita miezi mitatu. Hapo ni afadhali kushindanisha matangazo yanayotofautiana sana, mathalani ofa mbili tofauti, kuliko kubadili rangi ya kitufe.

Ile asilimia 5 inasimama ukipima mara moja tu, mwishoni. Ukipima mara 5 kwa vipindi sawa, ya mwisho ikiwemo, ukiwa tayari kusimama mara tu tofauti inapoonekana, hatari ya kudanganyika hupanda hadi asilimia 14 hivi. Mara 10, hufika 19. Kwa idadi ndogo ya wanunuzi, namba huyumba sana, na wewe unachagua kusimama pale zilipoyumbia upande unaoupenda. Kuchungulia kunaruhusiwa kwa kutafuta hitilafu tu: kiungo kilichokatika, au matangazo yaliyopangiwa mgawo sawa lakini moja likapata wabofyaji wengi zaidi.

Andika pia mapema utasubiri siku ngapi wanunuzi wanaochelewa baada ya kubofya, na utafanya nini tofauti isipothibitika. Kwa kawaida, tangazo la zamani hubaki.