Kabla hujamwekea bibi kinasa sauti: sarufi, matini na kamusi ya lugha inayopotea

Ukitaka kuandika lugha ambayo wanaoizungumza wamebaki wazee tu, unadaiwa vitu vitatu: sarufi, mkusanyo wa matini na kamusi. Utaratibu huu si wa jana. Franz Boas na wanafunzi wake waliufuata kwa lugha za wenyeji wa Amerika zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kosa la wengi wetu ni kuvifanya vitabu vitatu visivyojuana. Sarufi inasema hivi, kamusi inasema vile, na hakuna anayeweza kurudi kwenye sauti ya msemaji akaamua nani mkweli.

Nianze na madogo. Kibali kishughulikie mapema. Mtafiti anayetoka nje ya nchi huanzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na wewe mwenyeji usiache kupita serikali ya mtaa. Ridhaa ya mzee irekodi kwa sauti yake na kwa lugha yake, aseme nani anaruhusiwa kusikiliza. Nyimbo za mwali si za kila sikio, kwa hiyo uliza kabla ya kurekodi. Andika alikozaliwa, alikoolewa na lugha anazozijua. Wala usikimbilie kijijini moja kwa moja. Wazee wengi unaowatafuta wako hapa hapa Dar es Salaam, Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto, wamehamia kwa watoto wao.

Sasa matini, maana hapo ndipo sarufi inapopata chakula chake. Usijaze hadithi za sungura na fisi peke yake. Unahitaji maongezi ya watu wawili wanaojuana, maelekezo ya kazi kama kusuka ukili au kupika, malalamiko, mawaidha, habari za msiba. Na usitegemee hojaji ya kutafsiri sentensi. Chukua mfano wa Kiswahili chetu wenyewe. Mgeni asiyekijua anakaa na mama mmoja Kariakoo na karatasi yake: sema umeenda sokoni jana, sema mumeo alinunua samaki. Mama anajibu "nilienda", "alinunua". Mgeni anaondoka na sarufi inayosema wakati uliopita ni -li-, amemaliza.

Mwachie mama huyo huyo asimulie alivyoibiwa simu kwenye daladala: "Nilipanda pale Fire, nikasimama mlangoni, nikashika mkoba, nikaona mwepesi, nikamwambia konda." Hiyo -li- imetokea mara moja tu, kufungua habari, halafu -ka- ikabeba safari yote. Mbele kidogo atasema "yule kijana kaenda zake", na hiyo ka si ile ya "akaenda". Ni "ameenda" iliyofupishwa. Ndani ya dakika moja umepata vitu viwili ambavyo hojaji isingevitoa hata ungeuliza wiki nzima. Ikiwa hili linampata mgeni kwa Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, fikiria lugha ambayo msemaji wake hatakuwepo mwakani.

Kila matini iandike kwa mistari minne: alivyotamka, neno lilivyokatwa vipande, maana ya kila kipande, kisha tafsiri huru. Hakuna kusafisha. Akikosea akajirekebisha, liache. Akichomeka Kiswahili, kiache, maana hivyo ndivyo anavyosema. Jiandae pia kwa muda. Dakika moja ya maongezi inaweza kula saa nzima ya kunukuu, hata zaidi, na lazima ukae na msemaji au mtu wa nyumbani kwake anayeielewa lugha.

Kwenye sarufi nitadai mawili. La kwanza, kila mfano uwe na anwani yake: jina la faili na dakika, kwa mfano `BK07 02:41`. Mfano uliouomba mwenyewe kwa hojaji uuwekee alama tofauti na ule uliotoka kinywani mwa mtu bila kuulizwa. La pili, usiandike "lugha hii haina sauti fulani" wakati unachokijua ni kwamba hukuisikia. Sema umeitafuta kwenye matini ngapi na umewauliza watu wangapi, ili atakayekuja nyuma yako ajue pa kuendelea kuchimba.

Kamusi ndiyo iliyonitoa machozi. Tulikuwa wawili, tukapata bibi mmoja Mbagala, msemaji wa lugha mojawapo ya mkoa wa Pwani. Lugha kadhaa za ukanda huu hadi Morogoro na Dodoma zina n na m zinazotoka na pumzi, zile zinazoandikwa nh na mh. Ni sauti nyepesi, kama mtu anayepuliza kidogo puani. Wakati huo masikio yetu ya Kiswahili yalikuwa hayazisikii vizuri, na tulijifariji kwamba rekodi ipo, tutasikiliza baadaye.

Ilikuwa Februari, chumba kina joto, feni inazunguka juu ya kichwa cha bibi. Hatukuizima, tuliona ni kumtesa mzee. Jioni kadi ikajaa. Mwenzangu akazibana faili zote kuwa MP3 ndogo ndogo, akazituma WhatsApp zisipotee, akaifuta kadi ili kesho tuendelee. Maneno tukayaandika daftarini kwa mazoea ya Kiswahili.

Miezi minane baadaye, nikipanga kamusi, nikakuta maneno ambayo kwenye daftari yana tahajia moja na maana mbili zisizohusiana. Nikafungua sauti. Pale ambapo pumzi ingekuwepo palikuwa na mvumo wa feni tu, na kubana faili kulikuwa kumeshakula hata hicho kidogo kilichobaki. Nikapanda gari kwenda Mbagala. Mjukuu wake alinipokea mlangoni, akaniambia bibi alizikwa wiki tatu nyuma. Yale maneno yapo kwenye kamusi yetu mpaka leo na alama ya kuuliza.

Kwa hiyo rekodi kwa WAV, faili isiyobanwa, zima feni na friji, msogezee bibi kiti kibarazani kama kuna joto. Mwombe arudie kila neno mara tatu, peke yake na ndani ya sentensi. Usiifute kadi mpaka faili halisi ziko sehemu mbili na umezifungua ukazisikia. Na hojaji ya maneno ya Kiswahili itakupa maneno ambayo Kiswahili kinayajua tu. Wazaramo wana kinyago kidogo cha mti anachowekewa mwali anapofundwa. Wengine wameandika mwana hiti, wengine mwana nya nhiti. Ukiuliza "mwanasesere mnaitaje?" utaandika kitu kisichokuwepo. Kidahizo kama hicho, yaani neno linalofafanuliwa kwenye kamusi, kinataka matamshi yenye pumzi na toni, umoja na wingi, ngeli, picha, nani anakishika na lini, na sentensi moja yenye anwani ya matini. Vitenzi navyo viingize na minyambuliko yake iliyosikika, si ile unayodhani ingewezekana.

Mengine utayajua mwenyewe. Beba betri za akiba, luku huisha katikati ya hadithi. Sema tarehe na jina la mahali mwanzoni mwa kila rekodi, maana majina ya faili hubadilika. Usimlipe mmoja ukamnyima jirani aliyekuja kusaidia kukumbuka. Usirekodi mzee akiwa na njaa, wala karibu na adhana. Nakala ya sauti iache kwa familia kwenye flashi, na orodha ya faili iandike kwa mkono kwenye karatasi, umkabidhi yule mjukuu anayekaa na bibi.