Somo: Chekimeti mbili ambazo mfalme hufungwa na watu wake mwenyewe

Katika somo hili nitaeleza chekimeti mbili tu, ile ya mstari wa nyuma na ile ya kusongwa, kwa sababu zote mbili zina chanzo kimoja: mfalme hakosi njia kwa kuzidiwa na kete nyingi za adui, bali kwa sababu kete zake mwenyewe zimekaa kwenye miraba ambayo angekimbilia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika sataranji msemo huo huonekana kwa macho. Tafadhali tandika ubao wako na uziweke kete kama nitakavyozitaja, kwani mpangilio wa aina hii haushikiki kwa kusoma peke yake.

Hatua ya kwanza: mstari wa nyuma

Mweke mfalme mweusi g8, askari wake f7, g7 na h7, na ngome yake a8. Malkia mweusi awe b3. Upande wa Mweupe, mfalme yuko g1, askari wako f2, g2 na h2, malkia yuko d2 na ngome iko d1. Ni zamu ya Mweupe.

Mfalme mweusi anaonekana salama nyuma ya ukuta wa askari watatu, lakini ukuta huohuo unamzuia kupanda mstari wa 7. Kinachomlinda ni ngome ya a8 pekee, inayoutazama mstari mzima wa 8. Sasa hesabu: Mweupe ana kete mbili zinazoulenga mraba wa d8, yaani malkia na ngome iliyo nyuma yake, ilhali Mweusi ana mlinzi mmoja. Basi malkia anakwenda d8 na kutoa cheki. Mweusi hana jibu ila kumla kwa ngome, na ngome ya Mweupe inapanda kutoka d1 hadi d8, inaila ile ngome, na mchezo umekwisha.

Wanaoanza wengi hukomea kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo wanapoumia. Mrudishe kila mtu mahali pake, kisha mhamishe malkia mweusi kutoka b3 hadi c5. Hesabu ya d8 haijabadilika, bado ni wawili kwa mmoja, lakini mara hii hakuna chekimeti, kwa sababu malkia wa c5 anaweza kuteleza kwa mshazari kupitia d6 na e7 hadi f8 na kujikinga katikati. Kwa hiyo kabla ya kumtoa malkia wako kafara, jiulize maswali mawili na si moja: ni nani anayeweza kula kwenye mraba ninaoingia, na ni nani anayeweza kuingia kati yangu na mfalme? Mimi mwenyewe nimewahi kumtoa malkia kwa furaha kubwa na kisha kuona kete ya mwenzangu ikishuka polepole kwenye mraba ambao sikuwa nimeutazama kabisa.

Hatua ya pili: kusongwa

Chekimeti ya kusongwa hutolewa na farasi, kwa kuwa yeye peke yake huruka juu ya kete nyingine, na cheki yake haiwezi kuzuiwa kwa kuweka kitu katikati. Mpangilio ufuatao huitwa Urithi wa Philidor, kwa jina la bingwa Mfaransa wa karne ya 18, ingawa Mhispania Lucena alikuwa ameshauonyesha mwaka 1497.

Mweke mfalme mweusi g8, ngome yake d8, malkia wake b2, na askari a7, g7 na h7. Angalia kwamba askari wa f7 hayupo, na bila pengo hilo mpango huu haufanyiki. Mweupe ana mfalme g1, malkia a4, farasi g5, na askari f2, g2 na h2.

Malkia anakwenda c4 na kutoa cheki kwa mshazari. Mfalme akikimbilia f8, malkia anashuka f7 akilindwa na farasi, na ni chekimeti papo hapo. Ngome ikijikinga d5, malkia anaila kwa cheki. Mfalme akienda h8, malkia anapanda d8, na tunarudi kwenye mstari wa nyuma tuliouona juu. Jibu linalochelewesha mambo zaidi ni mfalme kwenda h8 moja kwa moja.

Farasi anaruka f7 na kutoa cheki, na mfalme hana budi kurudi g8. Hapa ndipo penye uhondo. Farasi anatoka f7 kwenda h6, na kwa kuondoka kwake anaufungua mshazari wa malkia, hivyo mfalme anapigwa cheki na wawili kwa wakati mmoja. Askari wa g7 anaweza kumfikia farasi, lakini kumla hakusaidii kitu, kwani cheki ya malkia ingebaki. Mfalme akienda f8, malkia anamaliza f7. Akienda h8, malkia anaingia g8, ubavuni mwa mfalme kabisa. Mfalme hawezi kumla kwa sababu farasi wa h6 anaulinda mraba huo, basi ngome ya d8 inalazimika kumla. Sasa mfalme yuko kona ya h8, ngome yake iko g8, askari wake wako g7 na h7, na farasi anarudi f7. Hana pa kupumulia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nashukuru kwa somo. Mfalme akiwa h8 baada ya hatua ya kwanza tu, kwa nini nisimtupe malkia g8 mara moja, halafu farasi aruke kutoka g5 hadi f7?*

Kwa sababu farasi wa g5 haulindi mraba wa g8, hivyo mfalme atamla malkia wako bure na ngome haitalazimika kusogea. Safari ya kupitia h6 ipo kwa ajili hiyo tu.

*Je, kusongwa hutokea konani pekee?*

Hapana. Katika ufunguzi wa Karo-Kani inaweza kutokea kwenye hatua ya sita, mfalme akiwa bado e8; hapa N ni farasi, Q ni malkia, x ni kula na # ni chekimeti:

```
1. e4 c6 2. d4 d5 3. Nc3 dxe4 4. Nxe4 Nd7
5. Qe2 Ngf6 6. Nd6#
```

Askari wa e7 angetaka kumla farasi wa d6, lakini amefungwa na malkia wa e2, kwani akiondoka anamwacha mfalme wazi. Kosa la Mweusi ni kumleta farasi wa pili f6 bila kujiuliza malkia amekwenda e2 kufanya nini.

*Nikimsogeza askari wa h7 hadi h6, si nimeshajikinga na mstari wa nyuma kwa mchezo mzima?*

Umemfungulia mfalme mlango wa h7, lakini utazame unaelekea wapi. Askofu mweupe akiwa d3, na miraba ya e4, f5 na g6 ikiwa wazi, mraba wa h7 uko mikononi mwake, na mlango wako ni wa picha tu. Hapo afadhali kumsogeza askari wa g7 hadi g6, ambako anauziba mshazari huo na kumwachia mfalme g7, ila uhakikishe kwanza kwamba adui hana kete inayoitazama g7 kwa mshazari wa miraba myeusi.