Kabla hujawasha leza: mambo ya kuangalia kwenye jaribio la mianya miwili

Wanafunzi wa kidato cha sita hapa Tanga wanaijua kanuni kwa moyo: w = λD/d. Nafasi kati ya mlia mmoja wa mwanga na unaofuata, w, inapanuka urefu wa wimbi ukiongezeka au ukuta ukisogezwa mbali, na inabana mianya ikiachana zaidi. Kuijua hakutoshi, kwa hiyo soma haya kabla ya kupanga meza.

Leza isielekezwe usoni mwa mtu, na vioo na saa zinazong'aa ziondolewe njiani.

D ni umbali kutoka kwenye slaidi yenye mianya hadi ukutani. Hauanzii kwenye leza. Leza ikiwa sentimita 20 nyuma ya slaidi na wewe ukapimia hapo, kwenye mita 2 umeshaongeza asilimia 10 ya bure.

d hupimwa kutoka katikati ya mwanya mmoja hadi katikati ya mwingine. Upana wa mwanya wenyewe ni kitu kingine, na huo ndio uliowatesa vijana wa shule moja mjini ambao niliitwa kuwasaidia.

Slaidi yao ilikuwa na mianya iliyoachana milimita 0.25, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 0.05. Leza nyekundu ilikuwa ya nanomita 650, na ukuta ulikuwa mita 2 kutoka kwenye slaidi. Kwa kanuni, nafasi ingekuwa milimita 5.2. Wao walipima milimita 26. Wakaona wajaribu kubadilisha vitu. Walipofika mita 3 nafasi ikawa 39, yaani imepanda kwa uwiano sahihi kabisa. Waliporudi mita 2 na leza ya kijani ya nanomita 532 ikashuka hadi kama 21, nayo sawasawa na uwiano. Basi wakaamini jaribio ni zima, ila leza imeandikwa namba ya uongo, na asubuhi nzima ikaishia kwenye kuilaumu leza.

Leza haikuwa na kosa. Selotepu iliyoshikiza slaidi ilikuwa imefunika mwanya mmoja. Mwanga ulipita kwenye mwanya mmoja tu, na mwanya mmoja nao huchora mikanda ya mwanga na giza ukutani. Nafasi kati ya giza na giza, ukiacha mkanda wa katikati, ni λD/a, ambapo a ni upana wa mwanya. Piga hesabu kwa 0.05 uone: milimita 26. Kwa kuwa λ na D zimekaa mahali pale pale katika kanuni zote mbili, kubadilisha rangi au umbali hakuwezi kukufichulia kosa hili hata ukirudia hadi jua lizame. Kinachofichua ni d. Walipoweka slaidi ya pili, yenye mianya ya upana ule ule iliyoachana milimita 0.5, ambayo haikufunikwa, nafasi ilitakiwa ipungue nusu. Ikashuka kutoka 26 hadi 2.6, mara kumi. Hapo ndipo nilipowaambia waichomoe ile ya kwanza waitazame kwenye mwanga wa dirisha.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, tazama umbo. Mkanda wa katikati ukiwa mpana mara mbili ya majirani zake na ndani yake hamna kitu, unatazama mwanya mmoja. Mianya miwili ikiwa wazi, mkanda huo huo mpana unakatwakatwa kuwa milia membamba yenye nafasi sawa, na hiyo ndiyo ya kupima. Chumba kikiwa na mwanga mwingi milia hii inapotea machoni na mikanda mipana inabaki, kwa hiyo tundikeni kanga nzito dirishani, tena mbili, maana jua la huku halichezewi.

Usipime nafasi moja. Pima nafasi nane, kutoka mlia wa nne kushoto mwa ule wa katikati hadi wa nne kulia, kwa slaidi ile ya kwanza ikiwa wazi, leza nyekundu na mita 2, utapata kama milimita 41.6, kisha gawanya kwa 8. Usivuke hapo: kwa slaidi hii mlia wa tano unaangukia kwenye giza la mwanya wenyewe, hauonekani, na anayehesabu kwa kufuata macho anaruka namba moja.

Slaidi ishikwe pembeni, vidole vina mafuta. Karatasi ya ukutani ibandikwe pembe zote nne, upepo wa bahari ukianza alasiri alama zako zitahama. Betri za leza ziwe mpya. Na slaidi ikitoka kwenye kishikio hata mara moja, D ipimwe upya, umbo litazamwe upya.